Namba za Fibonacci: jinsi ya kuthibitisha kanuni zake, na kwa nini kila namba hugawanyika kwa njia moja tu

Chukua namba 500. Iandike kama jumla ya namba za Fibonacci tofauti, kwa sharti moja: namba mbili zinazopakana kwenye mfuatano zisitumike pamoja. Ukitumia 34, basi 21 na 55 umeziacha. Mpe kazi hiyo hiyo mtu mwingine aliye mbali nawe, asiyejua umefanyaje. Nyote wawili mtarudi na 377 + 89 + 34, na hakuna jibu la pili.

Nilipokutana na jambo hili mara ya kwanza nilikesha nikitafuta namba itakayokubali majibu mawili. Sikuipata, na sababu ya kutoipata imejificha ndani ya kanuni ndogo ya kujumlisha ambayo wengi huipita haraka wakidhani ni zoezi tu la darasani. Mwongozo huu unaanzia kwenye kanuni hiyo, unaithibitisha, kisha unaitumia kufungua fumbo la 500.

Kwanza tukubaliane namba zenyewe

Mfuatano wetu unaanza na 1 na 1, na kila namba inayofuata ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Leonardo wa Pisa, anayejulikana zaidi kwa jina la Fibonacci, aliufikia mwaka 1202 kwa swali la sungura wanaozaliana. Namba iliyo nafasi ya n tutaiandika F(n):

```
n     1  2  3  4  5  6  7   8   9   10  11  12   13   14
F(n)  1  1  2  3  5  8  13  21  34  55  89  144  233  377
```

Kanuni inayouendesha ni F(n) = F(n−1) + F(n−2). Tutahitaji pia F(0) = 0, ambayo inakubaliana na kanuni kwa sababu 1 = 1 + 0.

Nakili jedwali hili kwenye karatasi uliweke pembeni. Makosa mengi niliyoyaona kwenye madaftari ya wanafunzi hayakutokana na kutoelewa. Yalitokana na kuchanganya nafasi na thamani: mtu anaona F(8) mkono unaandika 8, ilhali F(8) ni 21.

Kugeuza kanuni iangalie nyuma

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote. Kanuni inasema F(k+2) = F(k+1) + F(k). Hamisha F(k+1) upande wa pili:

```
F(k) = F(k+2) − F(k+1)
```

Hakuna jipya lililoongezwa, ila sasa kila namba ya mfuatano imekuwa tofauti ya namba mbili zilizo mbele yake. Na tofauti zikijumlishwa zikiwa zimepangana vizuri, za katikati hufutana.

Tujaribu kujumlisha namba zote kuanzia F(1) hadi F(n). Kabla ya kuthibitisha chochote, anza na namba halisi, maana huwezi kuthibitisha kanuni usiyoijua. 1, kisha 1+1 = 2, kisha 4, kisha 7, kisha 12, kisha 20. Tazama 1, 2, 4, 7, 12, 20: ukiongeza moja kwa kila namba unapata 2, 3, 5, 8, 13, 21. Ni mfuatano ule ule, umesogea nafasi mbili mbele. Kwa hiyo tunakisia:

```
F(1) + F(2) + ... + F(n) = F(n+2) − 1
```

Sasa uthibitisho. Andika kila namba kama tofauti, moja chini ya nyingine:

```
F(1) = F(3) − F(2)
F(2) = F(4) − F(3)
F(3) = F(5) − F(4)
...
F(n) = F(n+2) − F(n+1)
```

Jumlisha safu za kulia. F(3) ya mstari wa kwanza inafutwa na F(3) ya mstari wa pili, F(4) inafutwa na F(4), na kuendelea hivyo hadi chini. Zinabaki mbili tu zisizo na wa kuzifuta: F(n+2) iliyo mwisho, na −F(2) iliyo mwanzo. Kwa kuwa F(2) = 1, jibu ni F(n+2) − 1.

Iangalie ile 1 inayotolewa. Haikudondoka kutoka hewani, ni F(2) iliyobaki peke yake juu kabisa. Kila mara utakapoona namba ya ajabu imening'inia mwishoni mwa kanuni ya Fibonacci, jiulize ni kipande gani cha mwanzo kilichokosa mwenzake. Karibu kila mara jibu litakuwa hapo.

Kuruka nafasi moja moja

Hii ndiyo kanuni ninayotaka uishike, kwa kuwa ndiyo inayobeba fumbo letu. Badala ya kujumlisha namba zote, ruka moja, chukua moja. Kuna namna mbili: ya nafasi witiri na ya nafasi shufwa.

Nafasi witiri: 1, kisha 1+2 = 3, kisha 1+2+5 = 8, kisha 1+2+5+13 = 21. Kila jumla ni namba ya Fibonacci yenyewe, bila nyongeza wala punguzo.

Nafasi shufwa: 1, kisha 1+3 = 4, kisha 1+3+8 = 12, kisha 1+3+8+21 = 33. Hapa kila mara tunapungukiwa na moja kufikia 2, 5, 13, 34.

```
F(1) + F(3) + ... + F(2k−1) = F(2k)
F(2) + F(4) + ... + F(2k)   = F(2k+1) − 1
```

Njia ya kuthibitisha ni ile ile, ila safari hii tunaiandika kila namba kama tofauti ya jirani zake wawili, wa mbele na wa nyuma: F(j) = F(j+1) − F(j−1). Kwa nafasi witiri tunapata

```
F(1)    = F(2) − F(0)
F(3)    = F(4) − F(2)
F(5)    = F(6) − F(4)
...
F(2k−1) = F(2k) − F(2k−2)
```

Za katikati zinafutana, zinabaki F(2k) na −F(0), na F(0) ni sifuri. Ndiyo maana upande huu ni safi. Kwa nafasi shufwa mstari wa kwanza ni F(2) = F(3) − F(1), kwa hiyo kinachobaki juu ni −F(1), yaani −1. Tofauti nzima kati ya kanuni hizi mbili ni kwamba moja inaanzia penye sifuri na nyingine inaanzia penye moja.

Bado kuna jambo moja hapa, dogo lakini tutalihitaji sana. Ukijumlisha nafasi witiri bila F(1), yaani ukianzia F(3), unapata F(2k) − 1. Kwa mfano 2 + 5 + 13 = 20, na 20 ni 21 − 1. Kwa hiyo ukikataa kutumia F(1), upande wowote utakaouchukua, witiri au shufwa, jumla inapungukiwa na moja kamili kufikia namba inayofuata. Weka alama hapa, tutarudi.

Induksheni, na mahali inapowaumiza watu

Si kila kanuni hukubali kufutana namna hiyo. Zile zenye kuzidisha mara nyingi hutaka induksheni: unathibitisha mwanzo, kisha unaonyesha kwamba kanuni ikishika mahali fulani lazima ishike na pale panapofuata. Mfano mzuri ni kanuni ya Cassini, iliyojulikana tangu mwaka 1680:

```
F(n−1)·F(n+1) − F(n)² = (−1)^n
```

Jaribu kwa n = 7: 8 × 21 = 168, na 13² = 169. Tofauti ni −1. Kwa n = 8: 13 × 34 = 442, na 21² = 441. Tofauti ni +1. Inabadilisha alama kila hatua, na hilo tayari linatuambia nini cha kuthibitisha. Upande wa kushoto tuuite D(n). Tunachotaka kuonyesha ni kwamba D(n+1) = −D(n). Basi.

Andika D(n+1) = F(n)·F(n+2) − F(n+1)². Weka F(n+1) + F(n) mahali pa F(n+2):

```
D(n+1) = F(n)·F(n+1) + F(n)² − F(n+1)²
       = F(n)² − F(n+1)·(F(n+1) − F(n))
       = F(n)² − F(n+1)·F(n−1)
       = −D(n)
```

Na mwanzo: D(1) = F(0)·F(2) − F(1)² = 0 − 1 = −1. Imetosha. Ujanja wote upo mstari wa pili: tumeifungua F(n+2) peke yake, tukaacha nyingine zilivyo, kisha tukatafuta kitu cha kutoa nje ya mabano. Anayefungua kila kitu kwa mara moja hujikuta na vipande sita visivyojulikana viende wapi. Ukiona karatasi inajaa, rudi nyuma, fungua kimoja tu.

Sasa kosa lenyewe. Kwa kuwa kila namba ya Fibonacci hutokana na mbili zilizotangulia, hatua ya induksheni mara nyingi hutegemea mbili hizo, na hapo mwanzo mmoja hautoshi. Tazama «uthibitisho» huu kwamba namba zote za Fibonacci ni shufwa. Mwanzo: F(0) = 0, ni shufwa, sawa. Hatua: tuchukulie kwamba zote zilizotangulia ni shufwa. F(n) ni jumla ya shufwa mbili, na shufwa mbili zikijumlishwa hutoa shufwa. Kwa hiyo zote ni shufwa.

Hatua yenyewe haina kosa hata kidogo. Kilichoharibika ni kwamba hatua inataka namba mbili za nyuma, kwa hiyo inaanza kufanya kazi kuanzia F(2), na F(1) haikukaguliwa na mtu. F(1) ni 1, na hapo jengo lote linaanguka. Njia ya kujikagua ni rahisi: tazama nafasi ya nyuma zaidi iliyotajwa ndani ya hatua yako. Ikiwa ni n−1, mwanzo mmoja unatosha. Ikiwa ni n−2, kagua mianzo miwili. Kanuni ya Cassini ilitumia D(n) moja tu kupata D(n+1), ndiyo maana tulikagua D(1) peke yake.

Kuigawa 500

Sasa turudi kwenye fumbo. Hapa tunaweka sharti la kwanza kabisa: katika mgawanyo tunatumia namba kuanzia F(2) kwenda mbele, yaani 1, 2, 3, 5, 8, 13 na kuendelea. F(1) tunaiacha nje. Kama tungeiruhusu, namba 1 ingekuwa na sura mbili, F(1) na F(2), na upekee ungevunjika kabla hatujaanza.

Njia ya kugawa ni kuchukua kubwa kwanza. Tafuta namba ya Fibonacci kubwa kuliko zote isiyozidi 500. Hiyo ni 377, maana inayofuata ni 610. Toa: linabaki salio la 123. Kubwa isiyozidi 123 ni 89. Toa: linabaki 34. Na 34 yenyewe ni namba ya Fibonacci, kwa hiyo tumemaliza: 377 + 89 + 34, nafasi 14, 11 na 9.

Je, njia hii inaweza kukuletea namba mbili zinazopakana? Haiwezi, na sababu yake ni fupi. Tuseme umechukua F(m) kutoka namba N. Uliichukua kwa sababu F(m+1) ilikuwa kubwa mno, yaani N ni ndogo kuliko F(m+1). Salio lako ni N − F(m), nalo ni dogo kuliko F(m+1) − F(m). Lakini F(m+1) − F(m) ni F(m−1). Salio ni dogo kuliko F(m−1), basi F(m−1) haiwezi kuingia ndani yake. Namba utakayochukua baadaye itakuwa F(m−2) au ndogo zaidi. Angalia kwa 500: baada ya 377, salio 123 ni dogo kuliko 233, jirani wa 377. Baada ya 89, salio 34 ni dogo kuliko 55, jirani wa 89.

Na kwa kuwa salio linapungua kila mara bila kwenda chini ya sifuri, kazi lazima iishe. Kila namba chanya kamili inao mgawanyo wa aina hii. Nusu ya fumbo imekwisha.

Kwa nini hakuna mgawanyo wa pili

Wengi hudhani nusu ya kwanza inatosha. Wanasema: njia inatoa jibu moja, basi jibu ni moja. Lakini njia hiyo inaonyesha tu kwamba jibu lipo. Huenda mtu mwingine akaanza na 233 badala ya 377 akafika 500 kwa barabara nyingine. Ni lazima tuonyeshe kwamba barabara hiyo haipo.

Tujaribu kuipita tuone inapokwama. Ukianza na 233, jirani wake 144 huruhusiwi. Kinachofuata kwa ukubwa ni 89, kisha 34, kisha 13, kisha 5, kisha 2. Jumlisha vyote: 233 + 89 + 34 + 13 + 5 + 2 = 376. Umechukua kila ulichoruhusiwa kuchukua, na bado hujafika hata 377. Umepungukiwa na moja kuifikia.

Ile moja tumeshakutana nayo. Ndipo kanuni ya kuruka nafasi inapolipa. Tuseme umechagua namba zisizopakana, na kubwa kuliko zote ni F(m). Ya pili kwa ukubwa haizidi F(m−2), ya tatu haizidi F(m−4), na kuendelea. Kwa hiyo jumla yako haizidi F(m) + F(m−2) + F(m−4) + ..., ukishuka hadi F(2) au F(3) kutegemea m ni shufwa au witiri. Na tulishaona kwamba, F(1) ikiwa imekatazwa, jumla hiyo ni F(m+1) − 1 pande zote mbili. Basi tunapata neno hili, ambalo ndilo moyo wa jambo zima:

```
Jumla ya namba zisizopakana ambazo kubwa yake ni F(m)
daima ni ndogo kuliko F(m+1).
```

Sasa umaliziaji ni mwepesi. Tuchukulie kinyume: kuna namba yenye migawanyo miwili tofauti. Namba zozote zilizomo kwenye migawanyo yote miwili zifute pande zote. Zilizobaki bado hazipakani, na jumla za pande mbili bado zinalingana, kwa sababu umetoa kitu kile kile. Haiwezekani upande mmoja uwe mtupu na mwingine una kitu, maana sifuri ingelingana na namba chanya. Basi kila upande una namba yake kubwa, na kubwa hizo mbili ni tofauti kwa kuwa za pamoja tumezifuta. Iliyo kubwa zaidi tuiite F(a), na ndogo F(b). Upande wa F(b), kwa neno letu la hapo juu, jumla yake ni ndogo kuliko F(b+1). Na kwa kuwa b ni ndogo kuliko a, F(b+1) haizidi F(a). Lakini upande wa pili una F(a) ndani yake, kwa hiyo jumla yake ni F(a) au zaidi. Upande mmoja ni mdogo kuliko F(a), mwingine si mdogo. Haviwezi kulingana. Mgawanyo wa pili haupo.

Matokeo haya huitwa nadharia ya Zeckendorf, kwa jina la Edouard Zeckendorf, daktari wa jeshi la Ubelgiji aliyeyachapisha mwaka 1972, ingawa mwanahisabati Lekkerkerker alishayachapisha mwaka 1952. Napenda sana kwamba mtu ambaye hisabati haikuwa kazi yake ya mshahara ndiye jina lake limebaki hapa.

Ukiandika uthibitisho huu mwenyewe, usiruke ile hatua ya kufuta zinazofanana. Bila hiyo, namba kubwa za pande mbili zinaweza kuwa moja, na hoja ya F(a) na F(b) haina pa kushika. Pia usisahau kusema kwa nini sharti la kutopakana linahitajika. Bila hilo upekee unapotea mara moja: 34 ni 21 + 13, ni 21 + 8 + 5, na ni 21 + 8 + 3 + 2.

Kujumlisha kwa lugha hii

Ukishaizoea migawanyo hii, jaribu kuongeza 1 juu ya 54. Mgawanyo wa 54 ni 34 + 13 + 5 + 2. Ongeza 1, na sasa una 2 na 1, ambazo zinapakana. Ziunganishe zipate 3. Lakini 3 inapakana na 5, ziunganishe zipate 8. 8 inapakana na 13, zinakuwa 21. 21 inapakana na 34, zinakuwa 55. Moja uliyoiongeza chini imepanda ngazi hadi juu na kufuta kila kitu njiani, kama vile 9999 inavyogeuka 10000. Fanya kwa kalamu, mstari kwa mstari, utaona kanuni ya mfuatano ikifanya kazi mbele ya macho yako.

Tatizo lingine hutokea namba ileile ikijitokeza mara mbili, tuseme 34 + 34. Hapo tumia usawa huu:

```
2·F(n) = F(n+1) + F(n−2)
```

Uthibitisho ni mstari mmoja: moja kati ya hizo F(n) mbili iandike F(n−1) + F(n−2), kisha F(n) + F(n−1) ni F(n+1). Kwa hiyo 34 + 34 = 55 + 13. Chini kabisa uwe mwangalifu: 2 + 2 inakupa 3 + F(1), na F(1) tulishaikataza, basi iite F(2) uendelee. Na 1 + 1 ni F(3) + F(0), yaani 2 peke yake.

Kama unataka kukagua migawanyo yako kwa kompyuta, hii inatosha. Tazama kwamba orodha inaanza na 1 na 2, si 1 na 1:

```python
def gawanya(n):
    f = [1, 2]
    while f[-1] + f[-2] <= n:
        f.append(f[-1] + f[-2])
    jibu = []
    for x in reversed(f):
        if x <= n:
            jibu.append(x)
            n -= x
    return jibu

print(gawanya(500))   # [377, 89, 34]
```

Kuna matumizi moja ya sharti la kutopakana ambayo hunifurahisha kila nikiyakumbuka. Iandike namba kwa 0 na 1, ukianzia nafasi ya F(2): weka 1 pale namba ya Fibonacci ilipotumika, 0 pale isipotumika, uishie kwenye kubwa. Namba 11 ni 8 + 3, kwa hiyo ukipita 1, 2, 3, 5, 8 unaandika 00101. Kwa kuwa hakuna zinazopakana, ndani ya namba hutaona 1 mbili zikifuatana kamwe. Basi ongeza 1 moja mwishoni: 001011. Sasa unaweza kupanga namba nyingi mfululizo bila nafasi wala alama ya kutenganisha, na anayesoma atajua kila namba inaishia wapi: pale anapokutana na moja mbili zilizoshikana. Jaribu kusoma 0010111011. Ya kwanza ni 11. Kinachobaki ni 1011, yaani 101 yenye alama yake ya mwisho, na 101 ni 1 + 3. Mwandishi alituma 11, kisha 4.